Asante kwa Mgonjwa: Je, Ni Shukrani au Ni Deni?

Dada yangu alipomaliza stashahada ya uuguzi katika chuo kimoja cha pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, ndiye aliyeongoza darasa lake. Kwa desturi ya chuo hicho siku moja hubeba shughuli mbili: wanafunzi wa mwaka wa kwanza huvishwa kofia kabla ya kuanza kazi za wodini, na wanaomaliza huagwa. Aliyeongoza darasa husimama katikati ya shughuli hizo mbili akatoa hotuba. Hotuba yenyewe ina mwendo unaojulikana: kumshukuru Mungu, wazazi, wakufunzi, na mwishoni wagonjwa.

Sehemu kubwa ya hotuba ilikuwa kwa Kiingereza. Hata hivyo dada alitaka sehemu ya shukrani isomwe kwa Kiswahili, kwa sababu wazazi waliotarajiwa walikuwa Walugbara, Waalur, Wakakwa na Wamadi, pamoja na wengine waliovuka kutoka Kongo na Sudan Kusini, na lugha inayowakutanisha watu hao sokoni na hospitalini ni Kiswahili. Mimi ninasoma Kiswahili chuo kikuu, kwa hiyo kazi ya kuitengeneza sehemu hiyo ikaniangukia. Nilidhani ningeimaliza kwa nusu saa. Ilituchukua jioni tatu, na tatizo halikuwa la lugha. Tulikwama kwenye sentensi moja: "Tunawashukuru wagonjwa wetu waliotupa miili yao tujifunzie." Dada aliisoma kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema, "Lakini hawakutupa."

Katika insha hii ninataka kujadili maneno hayo mawili. Je, inawezekana kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hakukitoa, bali kilichukuliwa kwake? Na ikiwa haiwezekani, mwanafunzi aliyejifunza kwa mwili wa mtu mwingine anadaiwa nini?

Nianze na wakufunzi, kwa sababu shukrani yao haikutusumbua. Mtu anaweza kuuliza kwa nini tumshukuru mkufunzi ilhali analipwa mshahara. Dada alikuwa na jibu. Katika muhula wa kwanza walijifunza kuingiza kanula, yaani ile sindano yenye mrija laini wa plastiki ambao hubaki ndani ya mshipa ili dawa na maji ya dripu yapitie humo. Kwa majuma kadhaa walifanya mazoezi kwenye mkono wa plastiki katika chumba cha mazoezi. Mkono wa plastiki una faida zake, lakini hautetemeki, haulalamiki, na mishipa yake haikimbii. Siku ya kwanza ya kujaribu kwenye mkono wa mtu hai, kila mwanafunzi alimwangalia mwenzake. Mkufunzi mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akakunja mkono wa shati lake, akauweka mezani, akasema, "Anza na huu." Dada ndiye aliyeanza. Alikosa. Mkufunzi akabonyeza pamba mahali palipochomwa, akamweleza kosa lilikuwa wapi, kisha akampa mkono wa pili.

Tazama kilichomo katika tendo hilo. Mkufunzi alijua kwamba anayemchoma ni mwanafunzi. Alijua kwamba huenda akakosewa, tena si mara moja. Angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa mshahara wake haukumtaka atoe damu yake. Alitoa kwa kukusudia, na alikusudia wao wajifunze. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila na shukrani, na hoja yake mojawapo ni kwamba fadhila haimo katika kitu kinachotolewa bali katika nia ya anayekitoa. Kwa kipimo hicho, mkono wa mkufunzi ulikuwa fadhila kamili, na asante aliyostahili ilikuwa asante ya kweli.

Sasa chukua sindano ileile na mwanafunzi yuleyule, umpeleke wodini.

Tukio lenyewe lilikuwa la mwaka wa pili. Bibi mmoja aliletwa na mjukuu wake baada ya kuharisha na kutapika kwa siku tatu. Alitoka upande wa Kongo na alizungumza Kiswahili cha huko. Midomo yake ilikuwa imekauka, na ngozi ya mkono ilipofinywa ilichelewa kurudi mahali pake. Alihitaji maji ya dripu haraka. Ugumu wa mgonjwa wa namna hiyo ni kwamba maji yakipungua mwilini, mishipa nayo hunywea, kwa hiyo yule anayehitaji kanula zaidi ya wote ndiye ambaye mishipa yake haionekani. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alimtazama dada, akamwuliza kama anaweza, dada akajibu anaweza. Mkufunzi wa zamu alikuwa kitanda cha tatu na mwanafunzi mwingine.

Dada alifunga mpira juu ya kiwiko cha bibi, akapapasa mgongo wa mkono wa kushoto mpaka akapata mshipa, akaupangusa kwa pamba ya spiriti, akasubiri ukauke. Akachagua kanula ya rangi ya waridi, ambayo hutumiwa kwa watu wazima wengi. Akaingiza. Mshipa ukateleza pembeni. Mishipa ya wazee huteleza kwa sababu nyama inayoishikilia imelegea, na dawa yake ni kuivuta ngozi kwa kidole gumba cha mkono wa pili ili mshipa utulie. Alilijua hilo darasani, lakini mkono wake ulisahau.

Mara ya pili alipanda kwenye kigasha. Safari hii damu ilionekana kwenye kichumba kidogo cha nyuma ya sindano, ishara kwamba ncha imeingia mshipani. Akafurahi, na kwa furaha hiyo akasukuma sindano mbele zaidi badala ya kuilaza na kuusukuma mrija peke yake. Ncha ikatoboa ukuta wa pili wa mshipa. Alipofungulia maji, ngozi ikaanza kuvimba na kuwa baridi kuzunguka kanula, ishara kwamba maji yanaingia kwenye nyama. Akafunga, akachomoa, akabonyeza.

Hapo palikuwa na kanuni aliyokuwa ameiandika kwenye daftari lake mwenyewe: ukikosa mara mbili, acha, mwite mwenye uzoefu zaidi. Sababu zake si ngumu. Anayekosa mara mbili huwa ameanza kutetemeka, mgonjwa ameanza kuogopa, na kila mshipa unaotobolewa ovyo unampunguzia nafasi atakayekuja baadaye. Dada aliijua kanuni, muuguzi alikuwa karibu, mkufunzi alikuwa kitanda cha tatu. Akachoma mara ya tatu.

Akakosa tena. Ndipo muuguzi alipokuja. Aliuteremsha mkono wa bibi uning'inie kando ya kitanda, akaufunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, akasubiri kidogo, akachukua kanula nyembamba zaidi ya rangi ya buluu, akaingiza mara moja. Maji yakaanza kushuka. Bibi hakumtazama muuguzi. Alimgeukia dada yangu, ambaye alikuwa amesimama na pamba zenye damu mkononi, akamwambia, "Aksanti, sista."

Kilichomnyamazisha dada jioni ile tulipokuwa tukiandika hotuba ni asante hiyo. Shukrani ilikuwa imekwisha kutolewa, na ilikuwa imekwenda upande usiofaa. Tena ndani yake lilikuwamo neno "sista". Hakuwa sista. Alikuwa mwanafunzi, na hakuna aliyemwambia bibi hivyo. Sare nyeupe ilisema kitu ambacho mdomo haukukikanusha.

Nilimwuliza dada kwa nini alichoma mara ya tatu. Alinijibu bila kuficha. Katika daftari la mazoezi, kila kazi ina idadi ya mara inazopaswa kufanywa, na kila mara husainiwa na mkufunzi. Juma lilikuwa linakwisha naye alikuwa amebakiza saini moja.

Jibu hilo lilinisaidia kuona kwamba michomo ile mitatu haikuwa ya aina moja. Wa kwanza na wa pili ilikuwa na wenyewe wawili. Bibi alihitaji dripu, na mwanafunzi alihitaji kujifunza, na mkono mmoja ulitumikia haja zote mbili. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, hakusema kwamba ni makosa kumtumia mtu mwingine kama njia ya kufikia jambo lako. Sisi sote tunatumiana: mimi namtumia dereva wa basi, naye ananitumia mimi kupata nauli. Alichokataza ni kumtumia mtu kama njia tu, pasipo kumhesabu kuwa ana makusudi yake mwenyewe. Mchomo wa tatu ndio uliovuka mpaka huo. Pale ambapo kilichokuwa bora kwa bibi kilikuwa kumwita muuguzi, mkono wake uliendelea kutumika kwa ajili ya saini. Damu ilikuwa ileile na maumivu yaleyale, lakini tendo lilikuwa limebadilika.

Kwa hiyo sentensi yetu ya kwanza ilikuwa na kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kwamba bibi hakutoa mwili wake tujifunzie. Alikuja kutibiwa. Tukifuata kipimo cha Seneca, nia yake haikuwa ya kumfadhili mwanafunzi, kwa kuwa hata hakujua kwamba mwanafunzi yupo. Kasoro ya pili ni kwamba neno "waliotupa" linaufunika mchomo wa tatu. Linageuza kilichochukuliwa kuwa kilichotolewa, na anayefaidika na mgeuzo huo ni yule aliyechukua.

Zipo hoja za kupinga msimamo huu, na wenzangu tuliosoma nao waliponisikiliza walinitolea tatu. Nitazieleza kwa uaminifu.

Hoja ya kwanza ni kwamba shukrani haihitaji nia. Mkulima hushukuru mvua ikinyesha, na mvua haikukusudia kumfaidi. Nadhani hapa tunachanganya mambo mawili. Mkulima anapoishukuru mvua, ama anamshukuru Mungu anayeamini kuwa ameileta kwa kukusudia, ama anafurahi tu. Kufurahi kwamba jambo limetokea ni halali, na dada anaweza kabisa kufurahi kwamba alikutana na wagonjwa waliomkomaza. Lakini furaha hiyo ni yake. Haimtambui mgonjwa kama mtu aliyetenda kitu. Kumweka mgonjwa pamoja na mvua ni kurudia kosa lilelile la wodini kwa maneno matamu zaidi.

Hoja ya pili ni kwamba mgonjwa anayekuja katika hospitali ya mafunzo anajua kwamba kuna wanafunzi, kwa hiyo amekubali kwa kuja kwake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama bibi angekuwa na hospitali mbili za kuchagua, na kama mlangoni angeambiwa. Hakuwa na ya pili, na neno "sista" linathibitisha kwamba hakujua. Azimio la Lisbon kuhusu haki za wagonjwa, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, kama lilivyo leo lina kifungu kinachompa mgonjwa haki ya kukataa kushirikishwa katika mafunzo ya tiba. Haki ya kukataa haina maana kwa mtu ambaye hajaulizwa.

Hapa linaingia pia suala la nani hasa hujifunziwa. Waarabu wana methali juu ya mtu anayejifunza kuumika kwenye vichwa vya mayatima. Yatima alichaguliwa na methali hiyo kwa sababu hana baba wa kuja kuuliza kwa nini mtoto wake amechanjwa vibaya. Katika wodi za kulipia wanafunzi huwa wachache, na mgonjwa wa huko akichomwa mara mbili huuliza jina la aliyemchoma. Wanafunzi huwa wengi kwenye wodi za bure. Mwisho wa yote, muuguzi aliyekomaa kwenye mikono ya maskini atakwenda kuwahudumia wote, matajiri wakiwamo. Mzigo wa kujifunza umebebwa na wachache na faida inagawanywa kwa wengi, na asante ya jumla inayotolewa jukwaani haibadilishi mgawanyo huo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Aristotle alisema kwamba mambo tunayopaswa kujifunza ili tuyatende, tunajifunza kwa kuyatenda: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Hakuna muuguzi aliyezaliwa akijua kuingiza kanula, na kila muuguzi mzuri alikuwa na mchomo wake wa kwanza kwenye mkono wa mtu fulani. Tukimwuliza kila mgonjwa, watakataa, na baada ya miaka kumi hatutakuwa na wauguzi. Je, si afadhali bibi achomwe mara moja zaidi bila kuulizwa kuliko wajukuu wake wakose wa kuwachoma?

Ninakubali nusu ya kwanza ya hoja hii. Lazima pawe na mchomo wa kwanza. Nusu ya pili, kwamba watakataa, ni dhana tu, na dada aliijaribu. Baada ya siku ile alianza kusema maneno machache kabla ya kufunga mpira: "Mama, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mwalimu wangu yule pale. Naomba niingize kanula hii. Nikikosa mara mbili nitamwita. Ukipenda sista mwenyewe afanye, atafanya, na dawa utapata vilevile." Alianza kwa woga. Wengi walikubali. Baadhi yao walimcheka na kumwambia achague mshipa mzuri. Mzee mmoja alimwonyesha mwenyewe mshipa ambao wauguzi wa awali walikuwa wakiupata, akamwokoa na kosa. Wapo waliokataa, na hao alimwita muuguzi.

Sentensi ya mwisho katika maneno yale ndiyo yenye uzito. Ombi ambalo mtu hawezi kulikataa bila kuogopa kukosa dawa si ombi. Mtu mgonjwa, amelala, mbele ya mtu aliyevaa sare nyeupe, ni rahisi kuitikia ndiyo kwa kila kitu. Kwa hiyo kumwuliza hakutoshi. Sharti aambiwe kwamba hapana yake haitamwadhibu.

Nakiri kwamba njia hii ina mipaka. Mgonjwa aliyezimia hawezi kuombwa, na mtoto mdogo husemewa na mzazi ambaye naye amechanganyikiwa. Usiku, muuguzi akiwa mmoja na vitanda vimejaa, maneno "sista mwenyewe atafanya" yanaweza kuwa ahadi isiyotimizika. Katika hali hizo nadhani kinachobaki ni kuhakikisha kwamba kila mchomo ni ule ambao mgonjwa mwenyewe anauhitaji, mkufunzi akiwa kando, na kanuni ya mara mbili ikishikwa bila huruma kwa daftari. Asiyeweza kukubali anapaswa kulindwa zaidi kuliko anayeweza.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwa sababu hapo ndipo tulipopata njia ya kuimaliza hotuba. Nilimwuliza dada alimwambia nini bibi kila alipokosa. Alisema, "Nilimwambia pole." Pole ni neno zuri, na lugha nyingi zinalikosa. Humwambia mwenzako kwamba maumivu yake umeyaona. Lakini pole haikiri kosa. Tunampa pole aliyefiwa, aliyechoka na safari, aliyejikwaa mbele yetu. Msemaji wa pole anasimama kando ya maumivu kama shahidi. Muuguzi anaposema pole huku sindano iko mkononi mwake, neno hilo linamweka mahali pa shahidi ilhali yeye ndiye aliyechoma. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Bibi hakujichoma, kwa hiyo pole aliistahili. Ila kwa mchomo wa tatu, neno alilostahili zaidi lilikuwa samahani.

Tulipoyapanga maneno hayo kwa mfuatano tuliona kwamba kila moja lina wakati wake. Naomba huja kabla ya tendo. Pole huja wakati wa maumivu. Samahani huja baada ya kosa. Asante huja mwisho, na huwa ya kweli kama naomba ilitangulia, kwa sababu aliyeombwa akakubali amekuwa mtoaji. Yule mzee aliyeonyesha mshipa wake alitoa kama mkufunzi alivyotoa, na dada anaweza kumshukuru bila aibu. Kumshukuru bibi kwa namna hiyohiyo ni kujaribu kuweka mwishoni neno ambalo halikusemwa mwanzoni.

Hotuba ilipopelekwa chuoni kupitiwa, mkufunzi mmoja alitaka sehemu ile ifutwe. Alisema siku ya sherehe si siku ya kukiri makosa, na wazazi wangeogopa. Sikubaliani naye, lakini sioni kwamba alikuwa mtu mbaya. Alihofia kwamba mgonjwa akisikia habari hizi atakimbia hospitali, na katika sehemu zetu mgonjwa anayekimbia hospitali anaweza kufa. Jibu la dada lilikuwa kwamba mgonjwa hukimbia anapogundua mwenyewe alichofichwa, wala si anapoambiwa. Walipatana nusu kwa nusu: habari ya mchomo wa tatu isielezwe kwa kirefu, lakini sentensi zenyewe zibaki.

Siku ya sherehe, wa mwaka wa kwanza walivishwa kofia, wakawasha mishumaa, wakasema kiapo kinachoitwa kwa jina la Florence Nightingale. Kiapo hicho hakikuandikwa na Nightingale mwenyewe. Kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Kinazungumzia kuishi kwa usafi, kutodhuru, kutunza siri za wagonjwa, na kujitoa kwa ajili ya wale waliowekwa mikononi mwa muuguzi. Nilikisikiliza kwa makini kwa sababu ya kazi tuliyokuwa tumeifanya. Kinamtazama muuguzi kama mtu anayetoa tu. Hakisemi lolote kuhusu miaka ile ambayo anapokea kutoka kwa mgonjwa, ingawa waliokuwa wakikisema walikuwa wanaingia katika miaka hiyohiyo.

Kisha dada akasimama. Aliwashukuru wakufunzi, akamtaja yule aliyekunja mkono wa shati, na watu wakapiga makofi. Alipofika kwa wagonjwa alisoma hivi:

"Wapo wagonjwa tuliowaomba wakatukubalia tujifunze kwao. Hao tunawaambia asante. Wapo tuliojifunza kwao bila kuwaomba. Hao hatuwezi kuwaambia asante kana kwamba walitupa. Tunawaambia samahani, na tunakiri kwamba tuna deni lao. Na ninyi mliovaa kofia leo, Jumatatu mnaingia wodini. Ombeni kwanza."

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Baadaye mama mmoja aliyekaa nyuma alianza, wengine wakafuata. Sijui walipiga kwa ajili ya nini, na sitaki kudai kwamba hotuba iliwagusa wote. Mkufunzi aliyetaka sehemu ile ifutwe alibaki ameinamisha kichwa akisoma ratiba.

Limebaki swali moja. Bibi hakuwapo. Aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache, akavuka mpaka, na samahani ya dada haikumfikia. Je, deni la mtu mmoja linaweza kulipwa kwa mwingine? Watu wengi husema kwamba dada atamlipa bibi kwa kuwahudumia vizuri wagonjwa wengine. Nadhani jibu hilo ni nusu tu. Ukikopa fedha kwangu ukamlipa jirani yangu, jirani amefaidika na mimi bado nakudai. Huduma njema kwa wagonjwa wajao ni wajibu ambao dada angekuwa nao hata kama hangemchoma bibi mara ya tatu, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya mchomo ule.

Ninavyoona mimi, deni hilo halitalipwa, na uaminifu unataka libaki limeandikwa kuwa deni. Hapo ndipo hotuba kama zile hukosea. Neno asante hufunga hesabu: limesemwa, limepigiwa makofi, tumemalizana. Deni lililokiriwa huacha hesabu wazi, na mtu mwenye hesabu iliyo wazi huwa mwangalifu. Dada sasa ni muuguzi kamili, na wanafunzi husimama kando yake wodini. Mwanafunzi akikosa mara ya pili, dada huinyosha mkono kuipokea kanula kabla hajaombwa, naye mwenyewe humwambia mgonjwa kwamba aliyekuwa akimchoma ni mwanafunzi.